Maneno Yaliyo Juu ya Mkebe wa Rangi



Miaka michache iliyopita mjomba wangu alimaliza kujenga nyumba ya mawe katika nchi ya juu, upande wa Limuru. Akaipiga plasta ya saruji ndani, na majuma mawili baadaye akashuka dukani kununua rangi. Jumapili moja alinijia nyumbani na mkebe mtupu mkononi, akauweka mezani kwa kishindo, akaniambia, “Mpwa wangu, kazi yako ni kufasiri. Basi hebu nifasirie uwongo huu.”

Nikaugeuza mkebe, nikasoma. Ilikuwa rangi nyeupe ya maji, lita 4. Nyuma yake, kwa herufi ndogo mno, paliandikwa 12-14 m²/L. Mjomba si mtu asiyejua hesabu. Alikuwa amezipima kuta za chumba chake cha kukalia, akapata mita mraba 30. Kisha akachukua 14, akazidisha kwa lita 4, akapata 56. Akaona ya kuwa mkebe mmoja utamtosha na kumbakishia rangi ya chumba cha pili. Lakini mkebe ulikwisha alipokuwa amepaka chumba kile mara moja tu, na plasta ya kijivu ilikuwa bado ikionekana kwa ndani kama ngozi chini ya shuka nyepesi. “Sasa,” akasema, “hizo mita 26 zilizobaki zimekwenda wapi?”

Swali lile ndilo nitakalolijibu leo, kwa maana nimegundua ya kuwa si la mjomba wangu peke yake. Mkebe haukusema uwongo. Ulisema jambo moja kwa maneno machache, naye akasikia jingine.

Alama ile m²/L maana yake ni mita mraba kwa lita moja, yaani ukubwa wa ukuta ambao lita moja ya rangi yaweza kuufunika. Ila hesabu hiyo ni ya kupaka mara moja tu, au kama wasemavyo mafundi, mkono mmoja. Kuta nyingi huhitaji mikono miwili, na ukuta mpya mara nyingine huhitaji mitatu. Tena hesabu hiyo hutolewa kwa ukuta laini usionyonya rangi, kama ukuta uliokwisha kupakwa zamani na sasa wapakwa upya. Plasta mpya iliyosawazishwa kwa ubao ina vinyweleo vingi na mikwaruzo ya mchanga. Hunywa rangi kama ardhi kavu inywavyo maji, na uso wake wenye vilima na mabonde ni mkubwa kuliko upimavyo futi kamba.

Basi yampasa mtu afanyeje? Mimi hufanya hivi. Kwanza huliacha lile tarakimu kubwa la 14, maana hilo ni la ukuta mzuri kupita zote. Kwa ukuta laini uliokwisha kupakwa, hutumia tarakimu dogo, yaani 12. Kwa plasta mpya iliyo mbaya kidogo, hulipunguza hata hilo kwa thuluthi moja, nikapata 8. Hii si sheria, ni makadirio, lakini mara chache hunidanganya.

Sasa tukifanye chumba cha mjomba. Urefu wake ni mita 4 na upana mita 3, kwa hiyo kuzunguka kuta zote nne ni mita 14. Kimo ni mita 2.5. Ukizidisha 14 kwa 2.5 wapata mita mraba 35. Toa mlango mmoja na madirisha mawili, ambayo pamoja ni kama mita mraba 5, zabaki 30. Hapo mjomba alikuwa sawa kabisa. Lakini mikono ni miwili, basi ni 60. Gawanya 60 kwa 8, wapata lita 7.5. Maana yake ni mikebe miwili ya lita 4, na kubaki nusu lita ya kuziba alama za watoto. Tazama pia mkono wa kwanza peke yake: 30 kwa 8 ni karibu lita 3.75. Ndiyo sababu mkebe wake ulikwisha palepale ulipokwisha.

Mtu mwingine atasema, “Mbona nisiongeze maji, rangi ikawa nyingi?” Mjomba naye alijaribu hivyo kwenye ukuta wa mwisho. Yafaa tufikiri kidogo rangi ni nini. Lita moja ikitandazwa juu ya mita mraba 12, unene wake ungali maji ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Sehemu kubwa ya hiyo ni maji yatakayokwenda zake hewani, na kinachobaki ukutani ni utando ambao kwa kawaida haufiki hata nusu ya unene ule. Utando huo ndio rangi uliyoinunua. Ukiongeza maji hukuongeza utando hata kidogo, bali umeutandaza mwembamba zaidi. Ukuta utapata mabaka, na ukiupangusa kwa kitambaa kibichi, nyeupe itakuja na kitambaa. Mikebe mingi yatoa ruhusa ya kuongeza maji kidogo katika mkono wa kwanza juu ya plasta mpya, ili rangi izame na kushika, na hutaja kiasi chake. Kiasi hicho kifuatwe kwa kipimo, wala si kwa macho. Mkono wa pili haupunguzwi ila mkebe useme hivyo.

Mjomba alipokwisha kunisikiliza alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Haya, hilo nimelikubali. Lakini jikoni je?” Hapo ndipo nilipojua ya kuwa mkebe ule mtupu ulikuwa mwanzo tu wa habari.

Jikoni alikuwa amepaka rangi ya mafuta yenye kung'aa, tangu sakafuni hadi kimo cha kifua, kama wengi wetu tupendavyo, ili masizi na mafuta ya kupikia yaweze kuoshwa. Alipaka siku ileile aliyopaka chumba cha kukalia, juu ya plasta ileile ya majuma mawili. Chumba cha kukalia kilikuwa na upungufu wa rangi, lakini ile iliyokuwako ilishika vema. Jikoni rangi ilikuwa imefanya malengelenge kama mkono ulioungua. Nilipotoboa lengelenge moja kwa ukucha, maji yalitoka. Nyuma yake utando ulikuwa laini wa kunata, nao uliteleza kati ya vidole kama sabuni.

Na kwa kweli ulikuwa sabuni. Wale waliowahi kupika sabuni nyumbani wajua ya kuwa huchukua mafuta na magadi makali, wakachanganya. Saruji mbichi ina ukali wa namna hiyo hiyo, na maji yaliyomo ndani ya plasta mpya huuleta ukali ule usoni mwa ukuta. Ukutanapo na mafuta yaliyo katika rangi, huyageuza kuwa sabuni, na sabuni haishiki ukuta. Zaidi ya hayo rangi ya mafuta ni utando uliofungika. Maji yatokayo ndani ya plasta hayapati njia, basi huisukuma rangi mbele yake. Rangi ya maji ina vinyweleo vidogo vinavyopitisha unyevu taratibu, wala nyingi za siku hizi hazina mafuta ya kugeuzwa sabuni. Kwa hiyo nyumba moja, plasta moja, siku moja, lakini rangi mbili zilifika mwisho mbalimbali.

Plasta ya saruji yafaa iachwe majuma manne angaa kabla ya rangi yo yote, na katika nchi ya baridi na ukungu, au wakati wa masika, huenda ikahitaji zaidi. Usiuamini mkono wako kuupapasa ukuta, kwani uso hukauka kabla ya ndani. Chukua kipande cha karatasi ya nailoni, kiasi cha nusu mita kila upande, ukibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasiwe na mwanya, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, au ukuta umekuwa mweusi mahali pale, maji yangali ndani. Ukiona unga mweupe kama chumvi umetoka juu ya plasta, uondoe kwa burashi kavu wala usiuoshe, maana maji yataurudisha ndani nao utatoka tena.

Nasikia mtu akiuliza jinsi ya kuzitambua rangi hizi mbili dukani, kwa kuwa mikebe yafanana na majina ya biashara ni mengi. Tafuta mahali paelezapo kitu cha kupunguzia rangi na kuoshea burashi. Mkebe ukisema maji, ni rangi ya maji. Ukisema tapentaini, au mafuta mengine ya namna hiyo, ni rangi ya mafuta. Usitazame kung'aa, kwani siku hizi ziko rangi za maji zing'aazo, hata za kupaka milango. Na rangi iliyokwisha kupakwa ukutani miaka mingi, ambayo mkebe wake umepotea? Lowesha kitambaa kwa spiriti, usugue mahali padogo pasipoonekana. Ikilainika na kutoka, yaelekea kuwa ya maji. Ikikaa vilevile, ni ya mafuta. Hilo ni jambo la maana, kwa sababu rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta ing'aayo, haina pa kushika, na baada ya muda hubanduka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa. Yakupasa kwanza kuusugua mng'ao kwa msasa hadi ufifie. Lakini rangi za mafuta katika nyumba za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Sugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, nao watoto wawe mbali mpaka umekwisha kupangusa mahali pote kwa kitambaa kibichi.

Mimi nikiulizwa, husema hivi: kuta za plasta, ndani na nje, zipakwe rangi ya maji. Chuma cha madirisha kisichopakwa bado kipewe kwanza rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha ya mafuta. Ukipaka rangi ya kawaida ya maji juu ya chuma kitupu, maji yake yenyewe huanzisha kutu, na kabla haijakauka utaona vidoa vya hudhurungi vikichungulia. Milango ya mbao inayoshikwa kila siku yapendeza katika rangi ya mafuta, kwa kuwa hukaza na kuoshwa vema, ijapokuwa nyeupe ya mafuta ndani ya nyumba isiyopata jua hugeuka njano kadiri miaka ipitavyo. Ukuta wa jiko la kuni wenye masizi ya zamani ni kisa cha pekee. Rangi ya maji hukologa masizi yale na kuyaleta juu, hata ukipaka mara tatu. Huko ukuta uoshwe vizuri, ukauke, na rangi ya kwanza iwe ya mafuta, ya namna ya kuzuia madoa.

Sasa habari za kukauka. Hapa mkebe huandika nyakati mbili, na watu wengi husoma ile ya kwanza tu kwa sababu ndiyo fupi. Wakati wa kwanza ni wa kukauka kwa kugusa, yaani kidole hakitoki na rangi na vumbi halinati. Wakati wa pili ni wa kupaka mkono mwingine. Kwa rangi ya maji utaona pengine nusu saa au saa moja kwa kugusa, na saa 2 hadi 4 kwa mkono wa pili. Kwa rangi ya mafuta utaona pengine saa 4 hadi 6 kwa kugusa, na saa 16 hadi 24 kwa mkono wa pili. Kila mkebe una zake, nazo ndizo za kufuata.

Lakini nyakati hizo hupimwa katika hewa ya kadiri, yenye joto kama digrii 23 au 25 na unyevu wa katikati. Hewa hiyo haiko Limuru katika mwezi wa Julai, ambapo ukungu hukaa hata saa sita za mchana. Wala haiko Mombasa wakati wa mvua, ingawa kuna joto, kwa maana hewa imejaa maji tayari. Rangi ya maji hukauka kwa maji kutoka, kisha chembe zake kushikana. Hewa ikiwa imejaa, maji hayana pa kwenda. Tena baridi ikizidi sana chembe hazishikani, na rangi hubaki kama chokaa. Basi usianze jioni katika nchi ya baridi, anza asubuhi ukungu ukisha kuinuka, ili rangi ikauke kabla ya usiku kuingia.

Rangi ya mafuta hukauka kwa njia nyingine. Kwanza tapentaini huruka, na hiyo ndiyo harufu inayoumiza kichwa. Kisha mafuta yenyewe huvuta hewa na kukaza polepole, tangu juu kwenda ndani. Kwa sababu hiyo chumba kikifungwa rangi hukawia kukaza, tena mpakaji huumwa. Fungua madirisha, wala jiko lisiwashwe karibu. Matambara yaliyolowa mafuta ya rangi yasirundikwe pembeni, bali yatandazwe nje yakauke, kwani yakikusanywa pamoja huweza kupata joto na kushika moto yenyewe.

Kwa kuwa hukaza tangu juu, rangi ya mafuta huweza kukudanganya. Uso ni mkavu, ndani ni mbichi. Ukipaka mkono wa pili wakati huo, tapentaini mpya huingia katika utando wa kwanza na kuuvimbisha, nao hukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Mikunjo hiyo haiponi kwa kupaka tena. Hapana budi kungoja ikauke kabisa, kuisugua, na kuanza upya. Kabla ya mkono wa pili, enda nyuma ya mlango au mahali palipofichika, ukandamize kwa dole gumba, kisha uuzungushe kidogo. Utando ukisogea au ukiacha alama ya kidole, ngoja siku nyingine, hata kama saa za mkebe zimekwisha. Na usipake nene ili umalize upesi. Mikono miwili myembamba hukauka kabla ya mmoja mnene.

Jikoni mwa mjomba tulibandua rangi yote kwa kisu cha kukwangulia. Ilitoka kwa urahisi wa kusikitisha. Tulingoja hadi masika yakapita, tukabandika nailoni, na mara ya kwanza ikatoa matone. Majuma matatu baadaye ilikuwa kavu. Hapo akapaka rangi ya kwanza ya kuzuia ukali wa saruji, mkono mmoja, kisha ya mafuta mikono miwili, akipisha siku mbili kati yake. Mpaka leo imeshika.

Chumba cha kukalia kilimletea fadhaa moja zaidi. Mkebe wa pili aliununua mwezi mmoja baada ya wa kwanza, rangi ileile na jina lilelile, akautumia kuta tatu na kuacha wa nne kwa uchovu. Kuta zilipokauka, nyeupe ile na nyeupe hii hazikuwa ndugu. Penye kila mkebe, mara nyingi juu ya kifuniko au chini, pamepigwa muhuri wa nambari ya pishi, yaani rangi iliyokorogwa pamoja siku moja kiwandani. Pishi mbili huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana hasa penye kona, kuta mbili zikutanapo. Ukikosa mikebe ya nambari moja, imimine yote katika ndoo kubwa, ukoroge, ndipo upake.

Alipofika zamu ya chumba cha kulala nilifuatana naye dukani. Alivaa miwani yake, akageuza mkebe wa kwanza chini juu, akasoma nambari, akageuza wa pili, akautikisia kichwa na kumrudishia mwuzaji. Mwuzaji akamwambia, “Mzee, hizi zote ni nyeupe.” Mjomba akajibu, “Najua, mwanangu. Nitafutie ndugu yake huyu,” akaketi juu ya gunia la saruji kungoja.